Mchango wa jumuiya uliomezwa na barua ya chuo

Hundi ile ilikuwa ya dola 3,000 na niliiona ikiandikwa. Ilikuwa Jumamosi moja ya Agosti 2024, kwenye ukumbi wa kukodi hapa Columbus, Ohio, pilau imeshapakuliwa na watoto wanakimbizana chini ya meza. Waliochangia nawajua mmoja mmoja. Kuna dereva wa lori aliyetoa dola 100, kuna mama msusi aliyetoa 20 na kuomba radhi kwamba ni kidogo, kuna vijana wa ghala ninakofanya kazi waliochanga kwenye bahasha. Mweka hazina wa jumuiya yetu ya Watanzania alipotangaza jumla, vigelegele vilipigwa mpaka mwenye ukumbi akachungulia. Binti yangu akaipokea hundi kwa mikono miwili huku analia.

Januari iliyofuata chuo kikampunguzia ruzuku yake dola 3,000, hata senti moja haikusalia. Watu wanaokesha zamu za usiku walikuwa wamekichangia chuo chenye majengo ya mawe na bustani kubwa kuliko mtaa wetu. Sikuwa na uso wa kwenda kuwaeleza hilo.

Naandika kwa sababu kila mwaka tunafanya harambee kama ile, hapa Columbus na kwingineko, na wengi wetu tunakosea palepale nilipokosea mimi.

Tulikuja Marekani mwaka 2011 kwa bahati nasibu ya viza, kwa hiyo binti yetu ana kadi ya kijani na anastahili misaada ya serikali kuu kama mwanafunzi yeyote wa hapa. Tulijaza FAFSA, fomu ya kuombea misaada hiyo, mwaka ule mgumu ambapo fomu mpya ilifunguliwa mwisho kabisa wa Desemba 2023, na vyuo vikaanza kupokea taarifa zetu mwezi Machi. Barua ya chuo ikaja kwa kuchelewa, tukakubali haraka. Niliisoma mara moja, nikaangalia ruzuku, nikasema alhamdulillahi. Sikuisoma tena.

Baadaye niliitoa kabatini na kuiandika upya kwenye karatasi, na laiti ningelifanya hivyo tangu mwanzo. Gharama yote ya mwaka, yaani ada, bweni, chakula, vitabu, nauli na matumizi, walikadiria dola 78,000. Sisi wazazi tulipangiwa kulipa 3,000. Binti mwenyewe alipangiwa 2,000 kutokana na kazi za likizo ya kiangazi. Zilizobaki, 73,000, chuo kiliahidi kuzijaza zote: ruzuku ya Pell kutoka serikalini dola 4,395, mkopo wa serikali usiotozwa riba wakati wa masomo dola 3,500, kazi ya chuoni inayogharimiwa na serikali dola 2,500, na ruzuku ya chuo chenyewe dola 62,605.

Nilipoona bado kuna mkopo na bado tunadaiwa 5,000, nikamwambia binti atafute skolashipu za nje. Akatafuta kwelikweli. Mfuko wa wafanyakazi kazini kwa mama yake ukampa 2,500. Klabu moja ya wafanyabiashara ya hapa mjini ikampa 5,000, nusu muhula wa kwanza na nusu wa pili. Kisha ikaja harambee, 3,000. Jumla 10,500. Kwa akili yangu hesabu ilikuwa rahisi: tunafuta mkopo, tunafuta sehemu yetu, na chenji inabaki.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba pesa mpya inaongezwa juu ya zile za zamani. Chuo kilichoahidi kujaza pengo lote kimejenga hesabu yake kama debe lililojaa hadi ukingoni. Ukimimina kingine, lazima kitu kitoke. Swali ni kitatoka nini, na jibu liko kwenye sera ya chuo, si kwenye nia ya aliyetoa mchango.

Kwanza niseme kitu ambacho watu wengi wanakitilia hofu bure. Ruzuku ya Pell haipunguzwi eti kwa sababu umepata skolashipu ya klabu au ya msikiti. Yetu ilibaki 4,395 tangu mwanzo hadi mwisho wa mkasa huu. Kinachobanwa na sheria ya serikali kuu ni misaada inayotolewa kwa kipimo cha uhitaji, kama ule mkopo usio na riba na ile kazi ya chuoni. Jumla ikizidi uhitaji wa mwanafunzi, hivyo ndivyo vinavyopaswa kushuka. Lakini vikishaondoka hivyo viwili, kilichobaki ni Pell na pesa za chuo chenyewe, na hapo kinachokata si sheria ya serikali tena. Ni uamuzi wa chuo. Nilikaa miezi nikilaani serikali kwa jambo ambalo mwamuzi wake alikuwa dirisha la pili kulia kwenye jengo la utawala.

Sasa makosa yenyewe. Mwezi Juni binti aliripoti skolashipu mbili za kwanza, 7,500, kwenye akaunti yake ya chuo. Barua mpya ikaja baada ya wiki mbili. Mkopo umeondolewa, kazi ya chuoni imeondolewa, hizo ni 6,000. Kisha 1,500 iliyobaki ikakatwa kwenye ruzuku ya chuo. Mkopo kuondoka ilikuwa faida ya kweli, maana ni deni ambalo hatalilipa. Kazi kuondoka ilimuuma, kwa sababu alishaahidiwa nafasi maktaba na nafasi ile ilikuwa ya wenye fungu hilo tu. Akaishia kuosha vyombo kwenye bwalo, kazi isiyohitaji fungu la serikali. Ile 1,500 niliiona, nikanuna, nikanyamaza. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo.

Hundi ya harambee sikuiripoti. Nitasema ukweli: sikusahau. Niliona walichofanya kwa zile mbili, nikajiambia hii ni zawadi ya ndugu, imeandikwa jina la mtoto, chuo hakihusiki. Tukaiweka benki. Tukanunua laptopu ya dola 1,150, tiketi ya ndege, koti la baridi, viatu vya theluji, mashuka na blanketi. Kufikia Oktoba ilikuwa imekwisha.

Desemba mweka hazina wetu, mama mwangalifu kuliko benki, akaandikia chuo barua nzuri akiomba uthibitisho kwamba mpokeaji wa “skolashipu ya jumuiya” amesajiliwa na anaendelea na masomo. Alikuwa anafunga vitabu vya mwaka. Chuo kikathibitisha, kikaingiza 3,000 kwenye rekodi yake, na ruzuku ya muhula wa pili ikashuka kwa kiasi hichohicho. Pesa yenyewe ilishakuwa laptopu na koti. Kwa hiyo tukapokea ankara ya dola 3,000 na zuio la usajili juu yake: asipolipa, hachagui masomo.

Binti akanipigia saa nne usiku. “Baba, wamesema nimeficha.” Sauti yake ilinikata maini kuliko ile ankara. Aliyeficha nilikuwa mimi.

Sikumlaumu mweka hazina, na naomba mtu yeyote asimlaumu. Pesa inayotolewa kwa mtu kwa sababu anasoma chuo ni msaada wa masomo, hata ikiandikwa jina la mtoto, hata ikitoka kwenye bahasha ya ghala. Mwanafunzi anatakiwa kuitaja. Nisingepaswa kuificha, na pia sikuwa na haja ya kuificha, kama mtakavyoona.

Nilichukua siku bila malipo na kupiga simu ofisi ya misaada ya fedha. Mara ya kwanza niliongea kwa hasira nikaambulia majibu ya karatasi. Mara ya pili binti alikuwa kwenye simu pamoja nami, kwa sababu bila ruhusa yake ya maandishi hawakukubali kunieleza habari zake, na safari hii niliuliza tu: “Naomba mtusomee sera yenu ya skolashipu za nje, mstari kwa mstari. Kinaondoka nini kwanza, nini pili, nini tatu?”

Yule dada akasoma. Kwanza mkopo na kazi. Pili, “kwa ombi la mwanafunzi”, ile sehemu yake ya kazi za kiangazi, dola 2,000. Tatu ruzuku ya chuo. Nikamwomba arudie la pili. Kumbe ile 1,500 iliyokatwa mwezi Juni haikulazimika kukatwa. Ilitosha binti kuandika sentensi moja kuomba skolashipu ichukue nafasi ya mchango wake wa kiangazi. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza.

Hapo ndipo nikaelewa kitu ninachokiita nafasi. Kabla hujatafuta skolashipu hata moja, jumlisha vitu ambavyo chuo kinakubali vibadilishwe kabla ya kugusa ruzuku yake. Kwetu ilikuwa 3,500 ya mkopo, 2,500 ya kazi, na 2,000 ya kiangazi. Nafasi yetu ya mwaka ilikuwa 8,000. Dola ya 8,001 haikuwa yetu, ilikuwa ya chuo. Sisi tulileta 10,500 katika mwaka mmoja, kwa hiyo 2,500 zilikuwa zinamwagika, na debe letu lisingezipokea hata tungelia vipi.

Lakini debe linaweza kupanuliwa kidogo. Yule dada akauliza kama binti alinunua kompyuta. Kumbe ofisi inaweza kuongeza gharama ya kompyuta kwenye makadirio ya mwaka, kwa kawaida mara moja tu katika miaka yote ya masomo, ukionyesha risiti. Risiti tulikuwa nayo, kwa bahati, ndani ya boksi la laptopu chini ya kitanda. Koti na tiketi ya ndege hazikukubaliwa, kwa kuwa nauli na matumizi binafsi yalishahesabiwa ndani ya zile 78,000. Gharama ikapanda hadi 79,150, na nafasi yetu ikawa 9,150. Vyuo vingine hufanya hivyo pia kwa bima ya afya au malezi ya mtoto mdogo, lakini ni lazima uombe na uwe na karatasi mkononi.

Zikabaki 1,350 zisizo na pa kukaa. Hizo tuliziokoa kwa mtoaji, si kwa chuo. Binti akaiandikia ile klabu ya wafanyabiashara, ambayo nusu yake ya pili ilikuwa bado haijatumwa, akaeleza hesabu yote waziwazi na kuomba 1,350 zihamishiwe mwaka wa pili. Wakakubali ndani ya siku tatu. Katibu wao akajibu kwamba hawakuwahi kuombwa hivyo na kwamba wangependa pesa yao imfikie mtoto. Kama hundi ingekuwa imeshaingia chuoni ingekuwa kazi nyingine, maana ingebidi chuo kiirudishe kwanza.

Basi hesabu ikakaa hivi. Chuo kikarudisha ruzuku yote, 62,605. Skolashipu za nje 9,150, Pell 4,395, sisi wazazi 3,000. Jumlisha utapata 79,150. Zile 4,500 zilizokuwa zimekatwa zikarudi, hundi ya klabu ikaja pungufu kwa 1,350, deni la 3,000 likafutika na akaunti ikabaki na salio la dola 150 upande wetu. Zuio likaondolewa siku moja kabla dirisha la usajili kufungwa. Somo moja alilolitaka lilikuwa limeshajaa.

Msichukulie hesabu yangu kama ya kila mtu. Jirani yangu ana kijana kwenye chuo cha umma, na barua yao haikuahidi kujaza pengo: gharama 29,000, misaada 17,000, na sehemu ya familia haikufika zile 12,000 zilizobaki. Pale kulikuwa na shimo la maelfu lisilojazwa na mtu. Kijana alipoleta skolashipu ya 4,000 iliingia shimoni moja kwa moja, hakuna kilichokatwa. Cha ajabu, chuo chenye ukarimu zaidi ndicho kinachokata zaidi, kwa sababu hakijaacha shimo.

Kuna pia majimbo yaliyotunga sheria juu ya jambo hili. Maryland ilitangulia mwaka 2017 kwa vyuo vyake vya umma, na California imevizuia vyuo, kuanzia mwaka wa masomo 2023–24, kuwakata wanafunzi wanaostahili Pell kabla jumla ya ruzuku na skolashipu zao haijazidi gharama yote ya masomo. Chuo cha binti yangu ni cha binafsi na kiko jimbo jingine, kwa hiyo hazikutugusa. Lakini kama mwanao anasoma huko, itaje sheria hiyo kwenye barua pepe yako ya kwanza kabisa.

Kuhusu kuripoti kwenyewe, siku hizi tunafanya hivi. Kila skolashipu inapotangazwa, hata kabla ya hundi, binti anaijaza kwenye fomu ya chuo: jina la mtoaji, kiasi, miaka mingapi, na inalipwa muhula gani. Barua ya mtoaji anaiambatisha. Mkiripoti mapema, mabadiliko yanafanyika kabla pesa haijagawiwa. Mkiripoti katikati ya mwaka mnadaiwa vilivyokwisha kuliwa, kama sisi. Hundi tunaomba iandikwe jina la chuo, na namba ya mwanafunzi iandikwe juu yake, maana hundi isiyo na namba inaweza kuzurura ofisini wiki nyingi. Na kama barua ya mtoaji haisemi igawiweje, chuo kwa kawaida kinaikata nusu kwa nusu kati ya mihula miwili. Mwaka jana nusu hiyo ilitushtua, tukadhani imeibwa.

Ombi la kubadilisha sehemu ya kiangazi linakwenda siku hiyohiyo, kwa maandishi. Binti ana sentensi moja anayoinakili kila mwaka: “Naomba skolashipu hizi zichukue kwanza nafasi ya mkopo, kisha kazi, kisha mchango wangu wa kiangazi, kabla ya kugusa ruzuku ya chuo.” Kisha anasubiri barua mpya na kuilinganisha na ya zamani, mstari kwa mstari, kwa rula.

Kodi nayo ilitupiga kibao kidogo. Skolashipu na ruzuku zinazolipia ada na vitabu vinavyotakiwa darasani hazitozwi kodi, lakini sehemu inayolipia bweni na chakula inahesabika kuwa mapato ya mwanafunzi. Fomu ya kodi ya chuo, 1098-T, ilipokuja, kisanduku cha 5 cha skolashipu na ruzuku kilikuwa kikubwa kuliko kisanduku cha 1 cha malipo ya ada, na mimi nilikuwa nimeshawasilisha ritani yangu bila kuiangalia. Ilibidi tukae upya na mtaalamu, dola 180. Tunzeni risiti za vitabu.

Lililobaki lilikuwa kwenda kwa jumuiya. Nilisimama kwenye kikao cha Machi nikaeleza yote, pamoja na ile ya kuficha. Mzee mmoja akaguna, “Kwa hiyo tusichangie?” Nikamwambia, tuchangie, ila tuandike barua kabla ya hundi. Tulibishana saa mbili. Wengine walitaka tuendelee kumpa mtoto taslimu na kuiita zawadi. Mweka hazina alikataa kata kata, akasema hatatia sahihi kitabu chenye uongo, na hapo mjadala ukaisha.

Barua ya jumuiya sasa ni ya nusu ukurasa. Inasema mchango huu unapaswa kupunguza mkopo, kazi au mchango wa mwanafunzi mwenyewe, na unaweza kununua kompyuta. Inasema kama utasababisha ruzuku ya chuo ikatwe, chuo kituarifu kabla ya kuupokea, nasi tutauahirisha kwenda muhula au mwaka mwingine. Na hatutoi tena zote kwa mkupuo. 3,000 inagawiwa 750 kwa mwaka, miaka minne, kwa sababu nafasi hufunguka upya kila mwaka na mtoto hahitaji pesa mwaka wa kwanza peke yake. Barua hailazimishi chuo chochote, na kimoja kilishatujibu kwamba sera yao ni yao. Mtoto anayesoma kwenye chuo hicho tulimwekea pesa zake mpaka mwaka wa tatu, chuo kilipompa mkopo mkubwa zaidi.

Agosti iliyopita tulimuaga kijana mwingine, ukumbi uleule. Mweka hazina alivaa miwani, akasoma barua nzima kwa Kiswahili kabla hajataja kiasi, huku msusi wetu akinong'ona nyuma yangu kwamba pilau inapoa.